Pini, mashairi na kijana aliyeishiwa hamu

Nimepotea wiki mbili hizi na wengine mmeshaanza kunisema. Si kwa kupenda. Kuna swali la semina limening'ang'ania kama kupe, nikaona bora nilimwage hapa kwanza kabla sijaandika ile insha yenyewe ya kukabidhi Ijumaa. Swali ni fupi tu: kama kusoma mashairi na kucheza drafti vinakupa furaha ya kiasi kilekile, je, kuna sababu yoyote ya kusema kimoja ni bora kuliko kingine?

Mwenzangu wa chumba, yeye anasoma uhandisi, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Yaani nyie serikali inawapa mkopo mkae mnaulizana hivyo?"

Nilikasirika kidogo, nakiri. Ila nilipoanza kusoma nikakuta kwamba aliuliza swali lilelile ambalo mzee Bentham aliuliza, tena karibu kwa sababu ileile. Kwa hiyo nianze na huyo mzee.

Jeremy Bentham alizaliwa London mwaka 1748, akafa 1832. Alisomea sheria ila hakuwa na hamu ya kuifanya kazi ya uwakili. Alichotaka ni kuzifumua sheria za Uingereza na kuzishona upya. Kipimo chake kilikuwa kimoja: sheria nzuri ni ile inayoongeza furaha ya watu na kupunguza maumivu yao. Katika kitabu chake cha misingi ya maadili na utungaji wa sheria, kilichotoka 1789, alieleza jinsi ya kupima raha. Unaangalia ni kali kiasi gani na inadumu muda gani. Unaangalia una uhakika gani wa kuipata, na iko karibu au mbali. Halafu unaangalia kama itazaa raha nyingine baadaye, na kama haitaleta maumivu nyuma yake. Mwisho, inawafikia watu wangapi. Basi. Hakuna mahali anapouliza kama raha yenyewe ni ya heshima au ni ya kihuni.

Sasa wengi wetu tumefundishwa kwamba Bentham alisema mchezo wa pini ni sawa na mashairi. Kwa wasioujua, huo ulikuwa mchezo wa watoto wa Kiingereza: kila mmoja anaweka pini yake mezani, mnasukuma kwa zamu kwa kidole, na ukifanikiwa kuipandisha pini yako juu ya ya mwenzako umeshinda. Mchezo mwepesi kabisa. Kwa hiyo sentensi hiyo inamfanya Bentham aonekane mtu asiye na ladha, kama jamaa anayekwambia kitabu na karanga ni kitu kimoja mradi umefurahi.

Ila ukiitafuta sehemu yenyewe, mambo yanabadilika. Maneno yale yanatoka kwenye kitabu kuhusu zawadi na malipo ambayo serikali hutoa. Kilitoka kwanza kwa Kifaransa mwaka 1811, kimehaririwa na rafiki yake Étienne Dumont wa Geneva kutoka kwenye rundo la makaratasi ya Bentham, na Kiingereza chake kikatoka 1825. Hapo alikuwa anazungumzia sanaa na sayansi, na thamani yake kwa umma. Hoja yake ni kwamba tukiweka kando mazoea, pini ina thamani sawa na muziki na mashairi, na kama pini inatoa raha zaidi basi thamani yake ni kubwa zaidi. Tena akaongeza kwamba pini kila mtu anaweza kucheza, ila mashairi na muziki wanaoufurahia ni wachache.

Umeona? Yeye hakuwa anakwambia wewe binafsi ufanye nini jioni. Alikuwa anawakazia macho wale wanaosema "hii ni sanaa tukufu" kisha wanataka wote tuiheshimu, na pengine tuigharimie. Bentham anauliza: utukufu huo umeupimaje? Kama ni kwa raha, tuhesabu. Kama si kwa raha, basi unatuuzia upendeleo wako tu. Na yeye mwenyewe alipenda sana muziki, kwa hiyo si suala la mtu asiyeujua.

Maneno mafupi tunayoyakariri sisi, kwamba kiasi cha raha kikiwa sawa pini ni nzuri kama mashairi, yameandikwa na mtu mwingine. Ni John Stuart Mill, katika makala aliyoandika juu ya Bentham mwaka 1838, miaka sita baada ya mzee kufariki. Aliifupisha ile hoja ya zawadi za serikali, na ikawa hoja kuhusu roho ya mtu. Sidhani alifanya hila. Nadhani hakuweza kuisoma kwa njia nyingine, na hapa ndo ninapotaka tukae kidogo, maana bila kujua maisha ya kijana huyu hutaelewa kwa nini suala la ubora wa raha lilimuuma hivyo.

Mill alizaliwa 1806. Baba yake, James Mill, alikuwa rafiki mkubwa wa Bentham na mfuasi wake, na aliamua kumfundisha mtoto mwenyewe nyumbani. Kigiriki akiwa na miaka mitatu. Kilatini akiwa na minane. Likizo hakuna, isije tabia ya kazi ikakatika. Watoto wengine wa kucheza nao hakuna, wasije wakamwambukiza ujinga. Haya si maneno ya maadui zake. Ameyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1873, mwaka aliofariki. Alipofika miaka kumi na mitano akasoma kazi ya Bentham, akaona amepata dini yake. Miaka michache baadaye alikuwa anahariri makaratasi ya Bentham kuhusu ushahidi mahakamani, kazi iliyotoka 1827 ikiwa mabuku matano. Na ajira yake ya mchana ilikuwa kwenye ile Kampuni ya India Mashariki.

Mwaka 1826, akiwa na miaka ishirini (yaani rika letu kabisa), mtambo ukazima. Anasema alijiuliza swali moja: tuseme mabadiliko yote unayoyapigania yametimia sasa hivi, je, utafurahi? Na ndani yake kitu kikajibu waziwazi: hapana. Basi akaona msingi wote alioujengea maisha umeporomoka. Aliendelea kwenda kazini na kuandika, kama mashine, ila hamu ya kitu chochote ilikuwa imekwisha.

Kuna jambo moja dogo analolitaja kuhusu kipindi hicho ambalo mimi naliona ni ufunguo, ingawa vitabu vya kozi vinalipita. Muziki ulianza kumfurahisha tena alipoanza kupata nafuu. Ila akaanza kuteseka na wazo kwamba noti za muziki zina idadi, na michanganyiko mizuri ya hizo noti nayo ina mwisho, kwa hiyo siku moja nyimbo nzuri zote zitakuwa zimeshatungwa. Fikiria mtu anayesikiliza muziki huku anahofia stoo itaisha! Mwenyewe baadaye aliliona hilo kama kichekesho. Lakini ndivyo anavyofikiri mtu aliyefundishwa kuwa raha ni shehena: lazima kuna ghala, na ghala lazima liishe.

Kilichomfungua kwanza ni kitabu cha maisha ya mwandishi Mfaransa, Marmontel. Alifika pale ambapo baba wa familia amefariki na mtoto, kijana mdogo tu, anaamua kwamba atakuwa kila kitu kwa wale waliobaki. Mill akalia. Na kwa kulia akajua kwamba hajawa jiwe. Huzuni ilipokuwa kali zaidi alikuwa amejaribu kumsoma mshairi Byron, hakupata kitu, kwa sababu Byron naye alikuwa kwenye huzuni ileile. Halafu mwaka 1828 akamsoma Wordsworth. Hapo akapata dawa. Na sababu anayotoa haihusu wingi wa raha. Anasema mashairi yale yalimwonyesha chemchemi ya furaha ya ndani ambayo binadamu wote wanaweza kuishiriki, na ambayo ingebaki hata baada ya shida kubwa za dunia kuondolewa. Yaani ndilo jibu la lile swali la 1826.

Kwa hiyo mtu huyu anaposikia "pini ni sawa na mashairi", hasikii hoja ya bajeti. Anasikia mtu akimwambia kwamba kilichomtoa kaburini kingeweza kubadilishwa na pini za kutosha.

Haya, turuke mpaka 1861. Mwaka 1850 Thomas Carlyle alikuwa ameitania falsafa ya namna hii kuwa ni falsafa ya nguruwe: kama lengo ni raha tu, basi zizi lililojaa pumba ndiyo pepo. Mill akajibu katika makala alizochapisha kwenye jarida la Fraser's, ambazo zikawa kitabu mwaka 1863. Na hapa watu wengi huteleza, kwa hiyo twende polepole.

Mill anasema wazi kwamba angeweza kumjibu Carlyle bila kutaja ubora kabisa. Angeweza kutumia vipimo vya Bentham tu: raha za akili hudumu zaidi, gharama yake ni ndogo, hazikuachii kichwa kinachouma asubuhi, na moja huzaa nyingine. Ukipiga hesabu hiyo, mashairi yanaweza kuishinda bia kwa kiasi tu. Anakubali kwamba wenzake walishalithibitisha hilo. Lakini anasema anaweza kusimama juu zaidi: zipo raha ambazo kwa aina yake ni bora, hata kabla hujahesabu.

Utajuaje? Anatoa kipimo. Watafute watu wanaozijua raha zote mbili na wanaoweza kuzifurahia zote mbili. Kama wote au karibu wote wanaichagua moja, wakijua kabisa itawaletea kutoridhika zaidi, na hawako tayari kuiachia kwa kiasi chochote kile cha ile nyingine, basi hiyo ni ya juu. Wakigawanyika, wengi wape.

Nilimfanyia mwenzangu wa chumba kipimo hiki juzi usiku. Nilidhani nitamshinda. Nikamuuliza, "Mashairi na drafti, ungeacha kipi?" Akasema leo angeacha mashairi, amechoka. Nikafurahi kwamba nimempata, halafu nikagundua nimeuliza vibaya. Mill haulizi habari za jioni moja. Hata profesa wa fasihi akitoka kazini hoi anataka kulala, na hilo halifanyi usingizi kuwa juu ya fasihi. Ukishashiba mashairi, shairi la kumi na moja lina thamani ndogo kuliko mchezo wa kwanza wa drafti. Huo ni uchumi wa mwaka wa kwanza tu. Kipimo kinauliza juu ya aina nzima, kwa maisha yote: ungekubali usiweze tena kuelewa shairi lolote, maisha yako yote, kwa malipo ya drafti isiyokwisha?

Akanyamaza. Kumbe jamaa huyu sekondari alikuwa anatunga mashairi ya vina na mizani, sikuwahi kujua. Akasema, "Hapana, hiyo siwezi." Nikataka kushangilia. Akaendelea, "Lakini na drafti nayo siwezi kuiacha kabisa kwa mashairi yasiyokwisha. Nayo ina akili yake."

Hapo akanivunja. Kwanza, kama hataki kuachia chochote kati ya viwili kwa kiasi chochote cha kingine, basi kipimo hakijampandisha yeyote. Pili, na hili ndilo kubwa, drafti siyo raha ya chini hata kwa maneno ya Mill mwenyewe! Nilirudi kusoma. Mwaka 1861 haongelei pini hata kidogo. Anaweka upande mmoja raha za akili, hisia, ubunifu na maadili, na upande wa pili raha za mwili tu. Mtu anayeona hatua nne mbele kwenye ubao yuko upande wa kwanza. Swali la semina yetu, drafti au mashairi, limerithi ugomvi wa 1838 likaubandika kwenye kipimo cha 1861.

Kuna tatizo la tatu, na hili bado linaniumiza kichwa. Nani hakimu? Lazima awe amezifurahia zote mbili. Sasa kijana aliyelelewa bila likizo na bila wenzake wa kucheza nao, pini alizicheza na nani? Sina ushahidi kwamba hakuwahi kuzigusa. Lakini kwa sheria yake mwenyewe, maprofesa wasiowahi kukaa kwenye benchi la drafti hawana kura. Na upande wa pili, Mill anasema watu wengi walioanza na raha za juu ujanani huziacha baadaye, ila hawakuzichagua za chini kwa hiari: uwezo wa zile za juu ni kama mmea mwororo, ukikosa maji unakufa, na kazi walizosukumiwa hazikuwa na maji hayo. Naliamini hilo. Nimeona watu. Lakini angalia linafanya nini kwenye kipimo: kila anayepiga kura dhidi ya mashairi anaweza kuambiwa kwamba uwezo wake umeshakufa, kwa hiyo kura yake imeharibika. Ukiona uchaguzi ambao upande mmoja hauwezi kushindwa, unajua kuna kitu kwenye sanduku.

Wakosoaji wake wakamkaba pembe mbili. Henry Sidgwick mwaka 1874, na G. E. Moore kwa ukali zaidi mwaka 1903, waliona hivi: ukisema raha hii ni bora, una maana inapendeza zaidi? Basi umerudi kwenye kiasi, na Bentham ameshinda. Au una maana ina wema mwingine ambao si raha? Basi umekubali kwamba raha si kitu pekee chenye thamani, na nyumba yote ya falsafa ya manufaa uliyorithi imepata nyufa.

Kwenye semina wengi walisema Mill kaumbuka. Mimi naona pembe ya pili inamchoma kweli, ila si mahali pabaya sana. Nadhani alikuwa anajaribu kusema alichokiona 1826 kwa lugha ya nyumbani kwake, lugha ya raha na kiasi, na lugha hiyo haikutosha. Mwenzangu aliposema "hiyo siwezi", hakuwa analinganisha raha mbili. Alikataa kuwa mtu asiyeweza kuelewa. Kitu ambacho hataki kukiuza ni uwezo wake, siyo utamu unaotoka humo. Mill anakaribia sana kusema hivyo anapoeleza kwamba hakuna mtu mwenye akili angekubali kuwa mpumbavu hata ahakikishiwe kwamba mpumbavu anaridhika kuliko yeye. Anaita hiyo ni hisia ya utu. Utu! Hapo hupimi tena raha, unapima mtu anayeipata. Kwa hiyo jibu langu kwenye insha litakuwa kwamba ndiyo, ubora una maana zaidi ya kiasi, ila ukikubali hivyo huwezi tena kudai kwamba unachohesabu ni raha peke yake. Mill alitaka vyote viwili na sidhani vinakaa pamoja.

Na Bentham? Sitamtupa. Mimi kukubali kwamba mashairi ni ya juu ni suala langu. Kukulipisha wewe kwa ajili ya mashairi yangu ni suala jingine kabisa, na hapo bado namsikia yule mzee, na mwenzangu na mkopo wake, wakiuliza nimepimaje. Aya hiyo ya insha sijaiandika. Nimeijaribu mara tatu.

Jana usiku nilimwomba anifundishe drafti, angalau niwe na kura. Nimefungwa michezo sita mfululizo, ya mwisho nikiwa nimebakiwa na kete moja imejibana pembeni. Yeye kwa zamu yake ameniomba kitabu cha mashairi, kipo chini ya mto wake tangu asubuhi, na sijamuuliza kitu. Aliyenayo ile kopi ya Moore ya maktaba tafadhali airudishe, wenzako tunaihitaji kabla ya Ijumaa.